Sensa ipi kwa kitu gani? Kizibo, kinywaji na chupa katika mstari wa uzalishaji

KATIKA kiwanda cha vinywaji, kila chupa hupita mbele ya vihisi kadhaa kabla ya kufungwa katika katoni. Kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, hutambua kitu bila kukigusa na kupeleka ishara kwenye mtambo wa udhibiti. Fundi anayekichagua hana budi kujiuliza kwanza: je, kinachotakiwa kutambuliwa ni kizibo, kinywaji kilichomo, au chupa yenyewe? Vitu hivyo vitatu huandamana katika mkanda mmoja, lakini kila kimoja kinahitaji kihisi cha aina yake.

Kizibo cha metali ni kazi ya kihisi cha induksheni. Ndani yake mna koili inayotoa uga wa sumaku unaobadilika-badilika. Metali inapoukaribia, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani ya metali hiyo na kunyonya nguvu ya uga. Sakiti ya kihisi hulitambua badiliko hilo. Kwa kuwa maji, plastiki na vumbi la kawaida havina athari hiyo, kihisi hiki hufaa sana mahali penye majimaji na uchafu.

Hata hivyo, umbali ulioandikwa kwenye kihisi hupimwa kwa kipande cha chuma laini. Metali nyingine huonekana kwa umbali mfupi zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Tuchukulie kwamba kiwanda kinatumia kihisi cha milimita 8, kilichofungwa milimita 5 juu ya vizibo vya chuma. Umbali wa kutegemewa ni takriban asilimia 81 ya ule ulioandikwa, yaani milimita 6.5, hivyo kazi huenda vyema. Siku moja uongozi unaamua kutumia vizibo vya alumini. Kwa alumini, umbali hupungua hadi takriban 0.4 ya ule wa chuma. Ukizidisha 6.5 kwa 0.4, unapata milimita 2.6 tu. Kihisi kilichoachwa penye milimita 5 hakitaviona vizibo hivyo, na mashine itaanza kutupa nje chupa zilizofungwa vizuri, ikidhani kwamba hazina vizibo.

Fundi asiyejua sababu hii aghalabu hushuku nyaya au hubadilisha kihisi kizima. Kuna jaribio rahisi: asimamishe mkanda, kisha aweke kipande bapa cha chuma chenye upana wa kizibo pale pale kizibo kinapopita. Taa ya kihisi ikiwaka kwa chuma na kuzimika kwa alumini, kihisi ni kizima. Kilichopungua ni umbali. Dawa yake ni kukisogeza hadi milimita 2, iwapo chupa haziyumbi wala hazitofautiani kimo. Zikiyumba, zitakigonga, ni heri kuchagua kihisi chenye umbali mrefu zaidi, au kile kilichoundwa kuona metali zote kwa umbali mmoja. Na iwapo vizibo vitakuwa vya plastiki, kihisi cha induksheni hakitafaa kabisa.

Kinywaji kilicho ndani ya chupa ya plastiki hutambuliwa na kihisi cha kapasita, ambacho hupima jinsi kitu kilicho mbele yake kinavyobadilisha uga wa umeme. Maji huubadilisha mara nyingi zaidi kuliko plastiki, kwa hiyo kihisi huweza kuyatambua kupitia ukuta mwembamba wa chupa. Fundi hukirekebisha kwa chupa tupu hadi taa izimike, kisha hujaribu iliyojaa. Udhaifu wake ni kwamba unyevu ukiganda usoni pake, nao huhesabiwa kuwa kinywaji. Taa ikiendelea kuwaka ilhali chupa imekwisha kupita, kifutwe kwanza kabla ya kuguswa skrubu ya kurekebishia.

Chupa yenyewe, hasa ikiwa mbali, huachiwa kihisi cha mwanga. Kwa chupa angavu, kile kinachongoja mwanga urudishwe na chupa huweza kuikosa, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga hupenya. Hufaa zaidi kile kilichotengenezwa kwa vitu angavu, kinachotuma mwanga kwenye kioo-akisi kilicho ng'ambo ya mkanda na kutambua upungufu mdogo chupa inapopita katikati. Lakini kwa kuwa upungufu huo ni mdogo, vumbi juu ya kioo-akisi laweza kuufanana. Kihisi kikionyesha chupa wakati mkanda ni mtupu, kosa litafutwe kwanza kwenye kioo hicho.