Kitenganishi cha Maelfu: Namba Moja, Kigoma na Uvira

Pale Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko pote, kipimo chake ni mita 1,470. Msomaji wa Kigoma akikiona kipimo hicho kwenye slaidi atasoma elfu moja mia nne na sabini bila kusita. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, Uvira, yuko msomaji mwingine anayezungumza Kiswahili tangu utotoni, ila hesabu alifundishwa kwa Kifaransa. Shuleni kwao mkato ndio unaotenga namba nzima na sehemu yake ya desimali. Kwake slaidi ile inasema mita moja na karibu nusu, maji ya kumfika mtu mzima mabegani.

Kwa kina cha ziwa hatapotea, maana ziwa analijua. Lakini slaidi inayofuata ikimwonyesha samaki tani 2,350 waliopita bandarini, hana kitu cha kumwambia kama ni tani mbili na kitu au elfu mbili na kitu. Zote mbili zinawezekana. Atachagua moja kimyakimya, na mazungumzo yataendelea huku watu wawili wakiwa na takwimu mbili tofauti vichwani.

Alama hiyo ndogo inayogawa namba ndefu katika mafungu ya tarakimu tatutatu ndiyo kitenganishi cha maelfu. Ile inayotenga namba nzima na sehemu yake ni alama ya desimali. Wengi wetu huziita kwa sura zake: ya kwanza mkato au koma, ya pili nukta, na jina "nukta ya desimali" tumelizoea tangu shule ya msingi. Majina ya sura yanatosha maadamu wote waliomo ukumbini wamepita shule za mfumo mmoja. Yakivuka mpaka hayafai tena. Bujumbura na Bukavu desimali hutengwa kwa mkato, kwa hiyo mwongozo wa ofisi unaosema "nukta ya desimali iwe mkato" unajipinga ndani ya sentensi moja. Ndiyo maana nashikilia majina yanayotaja kazi: kazi ya kutenganisha maelfu ni ileile hata kama hapa inafanywa na mkato, pale na nukta, na kwingine na nafasi tupu.

Kompyuta nazo zinaujua mgawanyiko huu. Hifadhi ya taarifa za lugha iitwayo CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode na kutegemewa na simu na programu nyingi, ina Kiswahili cha nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Eneo la Ziwa Tanganyika, kama kilomita za mraba elfu thelathini na mbili na mia tisa, kwa mipangilio ya nchi tatu za kwanza litaandikwa 32,900. Kwa mipangilio ya Kongo, sw-CD, litaandikwa 32.900. Lugha moja, namba moja, na kila upande ukisoma maandishi ya mwenzake unapata thelathini na mbili nukta tisa.

Si kila namba ina hatari hiyo. Ukiandika 1,250,000 hakuna atakayekosea, kwa kuwa namba haiwezi kuwa na alama mbili za desimali. Ukiandika 2.5 au 2,5 msomaji ataelewa, kwa sababu fungu la maelfu halina tarakimu moja. Hatari iko mahali pamoja tu: alama moja ikifuatwa na tarakimu tatu kamili. Basi kabla ya kuonyesha slaidi kwa watu wa pande mbili, pitia namba zako ukitafuta umbo hilo peke yake. Waswahili wa Omani wanalijua kwa njia yao, kwani riali moja ina baisa 1000 na bei huandikwa kwa desimali tatu: 1.250 ni riali moja na baisa mia mbili hamsini. Kwa jicho lililozoea mfumo wa sw-CD, hiyo ni riali elfu moja mia mbili na hamsini.

Suluhisho lipo tangu 1948. Mwaka huo Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, ambao ndio wenye mamlaka juu ya mita na kilogramu, uliamua kwamba mafungu ya tarakimu tatu yanaweza kutengwa kwa nafasi, na kwamba nukta wala mkato visiwekwe katika nafasi hizo. Mwaka 2003 ukarudia jambo hilo na kuongeza kuwa alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, kila nchi na mazoea yake. Kwa hiyo 1 470 na 32 900 zinasomwa sawasawa Kigoma, Uvira, Bujumbura na hata Muscat. Kwa slaidi za kikao cha ndani, Dodoma au Mombasa, mimi naacha mkato uendelee, kwa sababu ndio wasomaji walioujua maisha yao yote na nafasi itawashangaza bure. Kwa kikao cha wanaotoka pande zote za ziwa, naweka nafasi, na desimali nazipunguza hadi moja au mbili ili lile umbo la tarakimu tatu lisitokee kabisa.

Nafasi ina udhaifu wake. Mstari ukijaa, programu itavunja namba katikati: 32 ibaki juu, 900 ishuke chini. Dawa ni nafasi isiyovunjika, ambayo kwenye Windows hupatikana kwa kushikilia Alt na kuandika 0160 kwa vitufe vya namba vya pembeni. Nafasi hiyohiyo ndiyo inayofaa kati ya namba na kipimo chake, na kati ya alama ya fedha na kiasi.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye chati. Namba uliyoiandika kwa mkono katika kisanduku cha maandishi inabaki kama ulivyoiandika, popote faili itakapofunguliwa. Namba za mhimili wa chati huchorwa na PowerPoint, nayo huazima vitenganishi kutoka kwenye mipangilio ya nchi ya kompyuta inayoifungua. Hivyo slaidi iliyotoka Kigoma ikiwa safi, 32,900 juu na 32,900 kwenye mhimili, ikifunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa itaonyesha 32,900 juu na 32 900 chini. Aliyeitengeneza hataliona kosa hilo kwake, kwa sababu kwake halipo.

Ukitaka mhimili ufuate nafasi popote, bonyeza mhimili kwa kitufe cha kulia, chagua `Format Axis`, kisha `Number`, ondoa alama ya tiki kwenye `Linked to source`, na katika `Format Code` uandike:

```
[>=1000000]# ### ##0;[>=1000]# ##0;0
```

Kisha bonyeza `Add`. Kanuni hii inaweka nafasi kama herufi ya kawaida, si kama kitenganishi cha kuazima, kwa hiyo haibadiliki na kompyuta. Ina mipaka: haikutungwa kwa namba hasi, na bilioni itatoka bila kugawanywa ipasavyo upande wa kushoto. Kama huna la kubadilisha tena, hifadhi slaidi kama PDF, na kila namba itabaki ilivyo.

Tuchukue slaidi moja ya mfano, ya bei ya dagaa wakavu kwa kilo, bei za kubuni. Imekusanywa kutoka kwa watu watatu na kubandikwa kama ilivyokuja: Kigoma "Tsh. 12,500/=", Uvira "11.000 FC", Bujumbura "FBu 30000". Kuna vitenganishi vya namna mbili na namba moja isiyo na kitenganishi, na alama ya fedha mara imetangulia, mara imefuata, na Kigoma imewekwa pande zote mbili. Ile "/=" imetokana na kuandika shilingi na senti kwa mkwaju katikati, 5/50 ikiwa shilingi tano na senti hamsini, na 5/= ikiwa tano kamili. Kwenye stakabadhi ya mkono ina kazi nzuri, inaifunga namba mtu asiongeze tarakimu. Kwenye slaidi hakuna wa kuongeza, na ikikutana na "/kg" inayofuata inachanganya macho.

"Sh" peke yake nayo haitoshi pale Mkenya, Mtanzania na Mganda wanapokaa pamoja, wala "faranga" haitoshi kati ya Burundi na Kongo. Hapo natumia vifupisho vya kimataifa vya herufi tatu: TZS, KES, UGX, BIF, CDF. Slaidi yetu inakuwa TZS 12 500, CDF 11 000, BIF 30 000, bila sufuri za senti. Safu ya namba ipangwe upande wa kulia ili mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Kifupisho kinatangulia, na hilo linakubaliana na mdomo, maana tunasema shilingi elfu tano, si elfu tano shilingi.

Kwa kiasi kikubwa, andika neno zima: milioni 4.5. Herufi M peke yake inaweza kuwa milioni, mita au hata maelfu. Bilioni iepuke mbele ya waliosoma kwa Kifaransa, kwani kwao bilioni ni milioni ya milioni, mara elfu ya bilioni yetu. Ya kwetu wao huiita miliari. Milioni ni ileile pande zote, kwa hiyo milioni 4 500 haina utata.

Vipimo ndiko Kiswahili kinakovutana na kanuni za kimataifa. Tunasema kilo hamsini na asilimia arobaini, jina mbele, namba nyuma, na ndiyo maana wapo wanaoandika "kg 50" na "km 12". Kanuni ya kimataifa inataka namba itangulie: 50 kg, 12 km. Mimi nafuata neno: kipimo kikiandikwa kwa neno kinatangulia, kilo 50, kikiandikwa kwa alama kinafuata, 50 kg, kwa herufi ndogo na bila "s" ya wingi. Asilimia 40 inafaa kwenye sentensi, 40% kwenye chati. Kwenye jedwali ni rahisi zaidi, kipimo kinakaa kwenye kichwa cha safu mara moja na chini zinabaki namba tupu.

Kujua kama slaidi zako zitahimili safari, fungua `Region` katika Windows, badili `Format` iwe `French (France)`, kisha funga PowerPoint na uifungue upya. Pitia chati zote. Kila namba iliyogeuka sura inaazima vitenganishi vya kompyuta, na kila iliyobaki na mkato wake ni ya kuandikwa upya kwa mkono.