Sembuse na zake: nahau nusu zilizovunja ukuta wa isimu

Mwaka 1988 jarida la Chama cha Isimu cha Marekani lilichapisha makala ya kurasa 38 iliyochambua maneno mawili tu ya Kiingereza. Ukiyafasiri moja moja utapata "acha" na "peke yake", na hutakuwa umeambulia kitu, kwani yakikaa pamoja yanafanya kazi ambayo sisi tumempa sembuse. Walioiandika ni watatu: Charles Fillmore, Paul Kay na Mary Catherine O'Connor, wote wakiwa na mizizi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Makala hiyo inakaribia kutimiza miaka 40, na mwalimu wangu wa isimu, ambaye siku hizi amestaafu na anafuga kuku, bado anayo nakala yake, imejaa kalamu nyekundu kila ukurasa.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia nilipomtembelea. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa mayai au kwa Fillmore?" Nilikuwa nimekuja kwa Fillmore. Msomaji ajue mapema kwamba mwalimu ana upande wake katika kesi hii, na sehemu kubwa ya ninayoandika hapa nimeichota kwake.

Kesi yenyewe ni hii. Kwa miaka mingi lugha ilichorwa kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni ghala la maneno: vitu visivyo na kanuni, ambavyo lazima uvikariri. Cha pili ni karakana ya sarufi, ambamo kanuni chache huunganisha maneno hayo kuwa sentensi zisizo na idadi. Leonard Bloomfield, mwaka 1933, aliliona ghala kama nyongeza ya sarufi, orodha ya mambo yaliyoishinda kanuni. Noam Chomsky alipoingia uwanjani mwaka 1957 alibadilisha mengi, lakini ukuta kati ya vyumba hivyo viwili ulibaki.

Nahau za kawaida haziusumbui ukuta huo. "Amevaa miwani" kwa maana ya kulewa ni neno refu tu: unaliandika kwenye daftari la ghala pamoja na maana yake, basi. Linabadilika nafsi na wakati, lakini huwezi kuondoa miwani ukaweka kofia halafu ulevi ukabaki.

Shida inaanza pale nahau inapokuwa nusu. Sehemu yake moja haibadiliki, sehemu nyingine ni pengo ambalo msemaji hujaza anavyotaka. Chukua "hawezi kununua baiskeli, sembuse gari." Baiskeli na gari zinatoka karakanani, kwa kuwa unaweza kuweka chochote: hajui kusoma, sembuse kuandika, sina nauli ya Morogoro, sembuse ya Kigoma. Orodha haiwezi kumalizika, kwa hiyo haiandikiki ghalani. Lakini hakuna kanuni ya jumla ya karakana inayokueleza sembuse inataka nini.

Na inataka mengi. Kwanza inataka ngazi. Msikilizaji anajenga kichwani ngazi ya bei, baiskeli chini na gari juu, kisha anahitimisha: aliyeshindwa chini hafiki juu. Geuza useme "hawezi kununua gari, sembuse baiskeli," na kila mtu atakukodolea macho. Lakini ngazi hiyo haimo katika maneno. Mseme tajiri mmoja mvivu: "Huyu hata gari hapandi, sembuse baiskeli," na sentensi inanyooka mara moja, kwa sababu ngazi sasa ni ya jasho, si ya fedha.

Pili, kiunzi hicho kina nafasi yake katika mazungumzo. Mtu ameuliza kama Juma ana gari. Ungeweza kujibu hana, ukaishia hapo. Unasema hana hata baiskeli, sembuse gari: umejibu zaidi ya ulivyoulizwa, kisha ukarudi kuligusa swali lenyewe. Hiyo ni kazi ya mazungumzo, na imefungwa ndani ya umbo la sarufi. Ndiyo hoja ya kina Fillmore. Umbo, maana na matumizi vimeshonwa pamoja katika kipande kimoja, na kipande hicho hakikai ghalani wala karakanani. Wao walikiita kwa jina ambalo mwalimu hulifasiri "kiolezo", na nadharia nzima anaiita Sarufi ya Violezo, ili wanafunzi wasiichanganye na Sarufi Miundo ya kina Bloomfield.

Katika makala ile kuna mfano wa mtu asiyeweza kushawishiwa kula kamba, sembuse mwenzake kula ngisi. Mapengo mawili yamejazwa kwa mpigo. Mwalimu alinisomea kwa Kiswahili: "Sidhani utaweza kumshawishi Juma ale kamba, sembuse Asha ngisi." Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akauliza ni kamba ya kufungia mbuzi au ya baharini. Tulicheka, lakini alikuwa ameielewa sentensi yenyewe bila taabu.

Hapo niliona jambo ambalo makala ya 1988 haikuhitaji kuligusa. Kiolezo cha Kiingereza kwa kawaida kinadai ukanushi au shaka katika sehemu ya kwanza. Sembuse yetu haidai. "Mtoto mdogo ameelewa, sembuse wewe?" ni Kiswahili safi. Ngazi ni ileile, ila sasa inashuka kuelekea kilicho rahisi zaidi. Lugha mbili, kazi karibu moja, masharti tofauti. Kwa hiyo huwezi kusema mambo haya yanatokana na mantiki ya binadamu tu. Kila lugha ina kiolezo chake, na mtoto hana budi kujifunza.

Sasa ugomvi, maana mwalimu hanisamehe nikiuruka. Miaka ya 1960 vijana waliokuwa karibu na Chomsky, akiwemo George Lakoff, walianza kuvutana naye kuhusu mahali pa maana katika sarufi. Mvutano ule uliharibika vibaya. Frederick Newmeyer, aliyeandika historia ya isimu ya Marekani, anasimulia jinsi Lakoff na Ray Jackendoff, aliyekuwa upande wa Chomsky, walivyorushiana matusi kwa vipaza sauti mbele ya watu kama 200 waliobaki wameinamisha vichwa kwa aibu. Wasomi hao! Mwalimu husimulia kisa hiki kama aliyekuwepo ukumbini, ingawa hakuwepo.

Kambi ya Lakoff ilisambaratika katika miaka ya 1970. Lakoff akahamia Berkeley, ambako Fillmore alikuwa amefika mwaka 1971 akitokea Ohio. Fillmore hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa amejipatia jina mwaka 1968 kwa nadharia yake ya uhusika, na alikuwa na tabia ya kushika jambo dogo na kuligeuzageuza mpaka litoe siri. Wakati huohuo Chomsky alikuwa akielekea upande mwingine kabisa. Mwaka 1981 alitangaza kwamba hata miundo mashuhuri kama sentensi za kutendwa si vitu halisi katika sarufi. Ni matokeo tu ya kanuni kubwa zinapokutana. Lugha akaigawa kiini na pembezoni, na nahau zikatupwa pembezoni.

Jibu la Berkeley lilikuwa kuingia huko pembezoni na kuhesabu. Wakakuta msongamano. Na wakageuza hoja: chombo kinachoweza kueleza sembuse, yenye masharti yote yale, kinaweza kueleza na sentensi ya kawaida, ambayo ni kiolezo kilekile, ila mapengo yake yote yako wazi. Neno moja ni kiolezo kilichojaa kabisa, kanuni ni kiolezo kitupu, na nahau nusu ziko katikati. Ukuta unaondoka, panabaki mteremko.

Mtetezi wa ukuta ana jibu, na si la kipuuzi. Atasema sembuse ni neno moja. Liandike ghalani na masharti yake yote, nyumba isimame. Ndiyo maana namletea zake.

"Juma akaenda zake." "Twende zetu." "Nilikuwa nimekaa zangu kimya." "Paka amelala zake." Hapa kisichobadilika ni kile kipande cha z- tu, ambacho hata neno kamili si. Kitenzi ni pengo. Kimilikishi ni pengo pia, ila lazima kifuate kiima: huwezi kusema "nikaenda zake" ukieleweka vilevile. Tena z- ni upatanisho wa nomino ambayo haipo. Wapo wanaosema nomino iliyodondoka ni njia. Sawa kwa kwenda, lakini paka amelala njia zake zipi? Na maana ile ya kujifanyia jambo bila kumjali mtu haimo katika kulala, wala katika z-, wala katika kimilikishi. Imo katika kiolezo chote. Kipimo ni rahisi: weka kiima kisicho na hiari. "Embe limeanguka zake" linagoma masikioni, au linageuka mzaha, kana kwamba embe limeamua.

Yaliyofuata Berkeley yanajulikana kwa walio katika fani. Mwaka 1995 Adele Goldberg, aliyesomea hapohapo, alionyesha kwamba hata mpangilio wa kawaida wa kitenzi na watendwa wake una maana yake yenyewe. Mwaka 1999 Kay na Fillmore walichambua lile swali la mteja anayeuliza inzi anafanya nini katika supu yake, ambalo si swali bali ni malalamiko; utani wake ni mhudumu kulijibu kwamba anaogelea. Na Jackendoff, yule wa vipaza sauti, mwaka huohuo wa 1999 aliandika na Peter Culicover kuhusu muundo unaofanana na "kadiri unavyo... ndivyo unavyo..." wetu, akikiri kwamba kiini na pembezoni havitenganiki kirahisi. Fillmore alifariki Februari 13, 2014.

Nadharia hii nayo ina deni. Haijatoa kipimo kinachokubaliwa na wote cha wapi kiolezo kimoja kinaishia na kingine kinaanzia, na wapinzani wake wana haki ya kuuliza violezo ni vingapi. Mwalimu hapendi swali hilo. Anapendelea kulalamika juu ya vitabu vyetu vya mazoezi, na hapa namuunga mkono: nahau zinapangwa safu mbili, kushoto nahau, kulia maana, mwanafunzi anakariri, mtihani unapita. Zake haiingii katika safu hizo, kwa hiyo haifundishwi, na mgeni anayejifunza Kiswahili anaambiwa tu atazoea.

Nilipokuwa naaga, mwalimu alinipa trei ya mayai na kazi ya nyumbani: kukusanya vitenzi vinavyokubali zake na vinavyoikataa, pwani na bara. Mpaka sasa nina 31 vinavyokubali. Msomaji, ukimsikia mtu anasema embe limeanguka zake na hatanii, naomba uniandikie ulimsikia wapi.