Katriji ya santuri

Katriji ya santuri ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa kinanda cha santuri. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Ndani yake mna sumaku na koili za waya mwembamba, na umeme huzalishwa kimoja kinaposogea karibu na kingine. Kwa msingi huo katriji nyingi za leo ni za aina mbili. Katika katriji ya sumaku inayosogea, inayoandikwa MM kwenye vifaa, sindano hutikisa sumaku na koili hukaa tuli. Katika katriji ya koili inayosogea, inayoandikwa MC, sindano hutikisa koili na sumaku ndiyo inayokaa tuli.

## Nguvu ya ishara

Tofauti hiyo ndogo ya umbo huleta tofauti kubwa ya umeme. Koili iliyotulia inaweza kuwa nzito, kwa hiyo mtengenezaji wa MM huzungusha waya mara nyingi sana na kupata volti nyingi. Koili inayobebwa na sindano lazima iwe nyepesi, la sivyo sindano itashindwa kufuata mikunjo midogo ya mfereji wa santuri. Kwa hiyo mizunguko yake ni michache na volti zake ni chache.

Mifano miwili inayojulikana sana yaonyesha jambo hilo. Audio-Technica AT-VM95E, ambayo ni MM, hutoa takriban milivolti 4. Denon DL-103, katriji ya MC iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa matumizi ya shirika la utangazaji NHK, hutoa takriban milivolti 0.3. Ya kwanza ina nguvu mara 13 hivi ya ya pili.

Amplifaya ya santuri kwa kawaida hukuza ishara ya MM mara 100 hivi, na ya MC mara 1,000 hivi. Kwa hesabu hiyo milivolti 4 huwa volti 0.4, na milivolti 0.3 huwa volti 0.3, viwango vinavyokaribiana. DL-103 ikiunganishwa kwenye tundu la MM, muziki husikika kwa mbali. Msikilizaji akiongeza sauti, hupandisha pamoja nao mvumo wa umeme wa nyumbani na mchakacho wa amplifaya yenyewe.

Zipo pia katriji za MC zenye mizunguko mingi zaidi, zinazotoa takriban milivolti 2. Hizo huunganishwa kwenye tundu la MM.

## Mzigo

Katriji ni jenereta ndogo, na tundu la amplifaya ndilo mzigo wake. Mzigo huo una sehemu mbili: ukinzani, unaopimwa kwa omu, na kapasitansi, yaani uwezo wa kutunza chaji, unaopimwa kwa pikofaradi. Waya unaotoka kwenye mkono wa kinanda hadi kwenye amplifaya nao una kapasitansi yake, ambayo hujumlishwa na ile ya tundu. Wengi husahau sehemu hii, maana waya huonekana kuwa ni waya tu.

### Mzigo wa MM

Koili yenye mizunguko mingi ina induktansi kubwa, yaani hupinga mabadiliko ya haraka ya mkondo. Ile ya AT-VM95E ni milihenri 550. Induktansi hiyo ikikutana na kapasitansi ya waya na tundu, huwa na masafa yake ya mwangwi. Ishara hupanda karibu na masafa hayo, kisha hushuka haraka juu yake. Masafa hayo hupatikana kwa fomula hii:

```
f = 1 / (2π√(LC))
```

Tuseme waya una pikofaradi 100 na tundu lina 50, jumla 150. Mwangwi huangukia kwenye kilohezi 17.5 hivi, karibu na mwisho wa masafa ambayo sikio husikia. Ukinzani wa omu 47,000, ambao ni wa kawaida kwa matundu ya MM, hutosha kuutuliza, na sauti hubaki sawia.

Sasa tuseme waya ni mrefu, wenye pikofaradi 180, na tundu lina 220, jumla 400. Mwangwi hushuka hadi kilohezi 10.7 hivi. Kwa omu zilezile 47,000, ishara huinuka kwa karibu desibeli 3 kwenye kilohezi 9, kisha huporomoka. Herufi "s" za mwimbaji na matoazi huwa makali yanayochosha sikio, huku milio ya juu kabisa ikififia. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa induktansi ya koili halisi hupungua kidogo masafa yanapopanda na sindano nayo ina mwangwi wake, lakini mwelekeo ni huohuo. Mtengenezaji wa katriji hii hupendekeza jumla ya pikofaradi 100 hadi 200.

Mwenye santuri huweza kulaumu sindano na kununua nyingine, kumbe dawa ni waya mfupi zaidi au swichi ya kapasitansi nyuma ya amplifaya.

### Mzigo wa MC

Koili ya MC ina induktansi ndogo mno, hivyo pikofaradi mia moja au mia nne haziletei mabadiliko yoyote ya maana katika masafa yanayosikika. Hapa kinachotazamwa ni ukinzani. Koili ya DL-103 ina omu 40, na Denon hupendekeza mzigo wa omu 100 au zaidi. Kwa omu 100, ishara hugawanyika kati ya koili na mzigo, na sehemu ya 100/140 ndiyo inayofika, yaani upungufu wa karibu desibeli 3. Mzigo ukiongezwa hadi omu 1,000, karibu ishara yote hufika. Wasikilizaji wengine husema sauti huwa angavu zaidi kwa mzigo mkubwa. Kabla ya kukubali, ni vizuri kusawazisha kiwango cha sauti, kwa sababu desibeli 3 peke yake hutosha kumfanya mtu apende mpangilio mmoja kuliko mwingine.

Wengine hutumia transfoma badala ya amplifaya ya MC. Transfoma ya 1 kwa 10 hupandisha milivolti 0.3 hadi karibu 3, na tundu la omu 47,000 huonekana kwa katriji kama omu 470, kwa kuwa ukinzani hugawanywa kwa 10 mara mbili.

## Kutambua mpangilio usio sahihi

MM ikiwekwa kwenye tundu la MC lenye omu 100, wengi hutarajia sauti kubwa inayokwaruza. Mara nyingi hutokea kinyume chake. Induktansi kubwa dhidi ya ukinzani mdogo hukata milio ya juu kuanzia hezi 170 hivi, na muziki huwa hafifu na mzito, kama unaotoka nyuma ya ukuta. Mikwaruzo hutokea pale tundu la MC linapokuwa limewekwa kwenye omu 47,000: ishara yote hupita, hukuzwa mara 1,000, na vilele vyake huzidi uwezo wa amplifaya.

Kapasitansi ya waya hupimwa kwa mita yenye kipimo hicho, waya ukiwa umechomolewa kwenye amplifaya na katriji ikiwa imeondolewa. Ukinzani wa koili ya MC haufai kupimwa kwa mita ya kawaida, kwa sababu mkondo wa mita unaweza kudhuru waya wake mwembamba.