Orodha na Kumbukumbu: Kusuka Insha ya Kihistoria kuhusu Makaburi ya Igoma

Igoma, kando ya barabara itokayo Mwanza kuelekea Musoma, pana makaburi walimozikwa watu waliokufa katika ajali ya MV Bukoba. Meli hiyo ilitoka Bukoba, ikapitia bandari ya Kemondo, kisha ikapinduka ilipokaribia Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Waliopoteza maisha hutajwa kuwa zaidi ya 800. Mwandishi wa insha ya kihistoria kuhusu makaburi hayo hukabiliwa na mambo mawili yasiyolingana kwa urahisi: kumbukumbu ya mtu aliyekuwapo na taarifa iliyothibitishwa kwa utafiti. Kazi yake ni kuyasuka pamoja bila kuliruhusu moja limeze jingine.

Ili hoja ieleweke, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke aliyekulia Igoma anaandika kwamba, alipokuwa na umri wa miaka minane, habari ya ajali ilimkuta nyumbani siku ya Jumapili. Mama yake alikuwa ametoka kanisani, kitenge cha ibada kikiwa bado kiunoni, naye akaketi chini mlangoni bila kusema neno. Shangazi wa mtoto huyo alikuwa amesafiri katika daraja la tatu, na mwili wake haukutambuliwa kamwe.

Kalenda inaipinga kumbukumbu hiyo mara moja: tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa Jumanne. Mwandishi asiye mwangalifu ataifuta Jumapili na kuandika Jumanne. Kwa kufanya hivyo atakuwa amesahihisha tarehe na kuharibu ushahidi, kwa kuwa kitenge na kanisa havitakuwa tena na mahali pa kukaa. Njia iliyo bora ni kuyaacha yote mawili yaonekane: “Ninachokumbuka ni Jumapili. Meli ilipinduka Jumanne. Huenda mama aliketi mlangoni Jumapili iliyofuata, matumaini yalipokwisha.” Neno “huenda” hapa linabeba uzito mkubwa. Linamwonyesha msomaji mahali hasa ambapo hati imekoma na dhana imeanza. Aidha, kosa la siku limezaa swali ambalo tarehe pekee isingeliuliza: familia ilisubiri kwa muda gani kabla ya kukata tamaa?

Katika suala la shangazi, mambo hugeuka. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, ilhali uwezo wa meli ulikuwa abiria 430. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo, mtafiti anayelitafuta jina la shangazi katika orodha hiyo na kulikosa hajapata ushahidi kwamba hakusafiri. Amepata ushahidi wa namna orodha ilivyoandaliwa. Hapa hati haina uwezo wa kuisahihisha kumbukumbu. Kinyume chake, kumbukumbu ndiyo inayoonyesha pengo la hati. Taarifa ya orodha inapaswa kuwekwa papo hapo jina la shangazi linapotajwa. Ikihamishiwa aya ya utangulizi, itabaki takwimu ya ajali, na msomaji hatatambua kwamba inamhusu mtu mmoja aliyekosa hata mstari wa kuandikwa.

Hatari ya tatu ni kumbukumbu ya kuazima. Inasimuliwa sana kwamba meli ilielea kifudifudi huku waliokuwa ndani wakigonga kuta zake, na kwamba ilipotobolewa ili waokolewe, hewa ilitoka na meli ikazama. Tukio hilo lilisikika redioni, likasomwa magazetini na kurudiwa katika mazungumzo ya miaka mingi. Mwandishi wa mfano wetu akidai kuwa alizisikia sauti za kugonga, dai hilo halisimami, kwa kuwa yeye alikuwa Igoma, si ziwani. Dalili za kuazima hutambulika: msimulizi huona kutoka mahali asipokuwapo, na maneno yake hufanana na ya taarifa za habari. Kinachostahili kuandikwa ni alivyozipata habari hizo: nani alizisimulia, chumba gani, na watu wazima walinyamaza wapi mtoto alipoingia. Hapo usimulizi wa kuazima huwa ushahidi halali wa jambo jingine, yaani namna ajali ilivyoingia majumbani mwa Igoma.

Kwa hiyo, msuko wa insha ya aina hii hukazwa pale kumbukumbu na utafiti vinapogusana kwa jambo moja mahsusi: siku, jina, au sauti. Utafiti unaeleza kwa nini jina la shangazi halimo katika orodha. Kumbukumbu inaeleza kwamba kulikuwa na jina.