Kupokezana kijiti: pima nyayo, usibahatishe

Mwaka mmoja katika michezo ya shule, timu yangu ya wasichana ya mbio za 4x100 ilikuwa ikiongoza. Msichana wa tatu akachomoka, wa pili akamfuata kwa mkono ulionyooshwa asimfikie, na kijiti kikavuka mstari wa mwisho. Tukaondolewa. Kosa lilikuwa langu, na nalieleza hapa ili makocha wenzangu wasilirudie.

Eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30. Kinachoangaliwa ni kijiti, si mwili wa mkimbiaji: kuanzia mpokeaji anapokigusa hadi kinapokuwa mkononi mwake peke yake, kiwe ndani ya eneo hilo.

Mpokeaji husimama mwanzoni mwa eneo. Kutoka hapo hupima nyayo, kisigino kwa kidole, kurudi upande anakotoka mwenzake, na kuweka alama. Wasichana wangu huanza na nyayo 22. Mwenzake akifika kwenye alama, mpokeaji huondoka kwa kasi yote, macho mbele, bila kugeuka tena. Twataka kijiti kibadilishwe kati ya mita ya 20 na ya 25, wote wawili wakiwa bado mbioni.

Mpokeaji akifikiwa mapema, ongeza nyayo 2 ili aondoke mapema zaidi. Asipofikiwa, punguza 2. Lakini kwanza simama kando ya alama utazame. Wengi huondoka kabla ya wakati kwa wasiwasi, na hapo tatizo si nyayo.

Wa kwanza hushika kijiti kwa mkono wa kulia, wa pili hupokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Hakuna kuhamisha mkono njiani. Anayeleta kwa mkono wa kulia hukimbia upande wa ndani wa njia yake, na mpokeaji hukaa upande wa nje, wasikanyagane. Anayeleta huita "Twaa!" na hapo tu ndipo mpokeaji hunyoosha mkono nyuma, karibu na kimo cha bega, kiganja kikimtazama mwenzake, kidole gumba chini. Mkono usichezecheze. Anayeleta ndiye anayelenga, akikisukuma kijiti kikiwa wima mpaka kiganjani, na haachii mpaka ahisi kimevutwa. Mpokeaji akinyoosha mkono mapema, hupunguza kasi yake mwenyewe.

Na kosa langu? Mazoezini nilimkimbiza anayeleta mita 40 tu. Alifika kwenye alama akiwa mbichi, na nyayo 22 zikatosha. Siku ya mbio alikuwa amekimbia kipande chake chote, tena upepo ukimpiga usoni. Alifika amechoka, na aliyemngoja akamkimbia.

Siku hizi kila jaribio la mwisho ni la kipande kizima. Na asubuhi ya mbio hutazama upepo kwanza: ukiwa unamkabili anayeleta, tunapunguza unyayo 1 au 2 kabla ya kuweka alama.