Kitunguu Kinakatwa kwa Sarufi Gani?

Kisinhala, lugha ya wengi nchini Sri Lanka, kina sarufi mbili. Moja ni ya kuandika, na mizizi yake inafika hadi Sidat Sangarava, kitabu cha sarufi cha karne ya 13. Nyingine ni ya kuongea. Tofauti hii niliijua kupitia kibarua: mpishi mmoja Msri Lanka hapa Nairobi alitaka skripti ya kipindi cha mapishi. Lugha ni yake, mimi nilipanga hatua na muda.

Chukua kukata kitunguu. Katika maandishi, kitenzi hufuata mtenda, kama chetu: “mama kapami” ni mimi nakata, “api kapamu” ni sisi tunakata. (Ndiyo, “mama” kwao ni mimi.) Mdomoni, mimi, wewe au wao, wote ni “kapanawa” tu. Usemi uliacha viambishi tamati hivyo, maandishi yakavishikilia.

Na yalishikilia kwa bidii. Mwaka 1941 Munidasa Kumaratunga alianzisha Hela Havula, chama kilichotaka Kisinhala kisafishwe maneno ya kigeni. Mwaka 1956 Kisinhala kikafanywa lugha rasmi pekee. Ofisini, kwenye vitabu vya shule na katika taarifa za habari, ilitumika sarufi ya kuandika. Televisheni ilipofika mwaka 1979, anayesoma habari alijua aseme vipi. Lakini aliyesimama mbele ya sufuria je?

Chakula chetu kilikuwa parippu, yaani kamande nyekundu za nazi. Unaziosha mpaka maji yawe meupe, unazichemsha na kitunguu, manjano na pilipili, kisha tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo. Likichemka kwa nguvu, linakatika. Hapo mpishi anaangalia sufuria, hasomi karatasi. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ya maandishi mwanzo hadi mwisho, na kwenye mazoezi alianza na “kapami”, lakini tui lilipoingia vitenzi vyote vikageuka kuwa vya “-nawa”. Mtazamaji wa Kisinhala anausikia mchanganyiko huo mara moja: ni kama msoma habari amesahau kamera iko hewani.

Basi tukagawa. Orodha ya viungo kwenye skrini ikabaki ya maandishi, kwa sababu inasomwa. Maneno ya jikoni yakawa ya kuongea. Kisha yeye mwenyewe akaonyesha kitenzi kinachoishi pande zote mbili: “api luunu kapamu”. Kitabuni maana yake ni tunakata kitunguu. Mdomoni ni tukate kitunguu. Kiambishi ambacho usemi ulikiacha kama alama ya “sisi” ulikiweka kama mwaliko.

Skripti yake sasa imejaa “-mu”. Mwalimu wa sarufi hawezi kuikosoa, na aliye nyumbani anasikia ameitwa jikoni.