Ukwasi na Uzito wa Mkopo: Slaidi Mbili za Kusomwa Pamoja

Mtaani mkwasi ni tajiri. Kwenye slaidi ya mhasibu katika mkutano wa wanahisa, ukwasi ni jambo jingine: uwezo wa kampuni kulipa madeni yanayoiva karibuni bila kuuza mitambo wala majengo. Hata Benki Kuu ya Tanzania hulitumia neno kwa maana hiyo inapozungumzia fedha zilizomo kwenye mabenki. Kwa hiyo kampuni inaweza kuwa na viwanja na maghala, yaani ikawa tajiri hasa, na bado mwisho wa mwezi ikakosa ukwasi wa kulipa mishahara.

Uwiano wa ukwasi hupatikana kwa kugawa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi, na muda mfupi maana yake ni miezi 12. Tuchukue muuza vifaa vya ujenzi wa kubuni. Ghalani ana bidhaa za shilingi milioni 110, wateja wanadaiwa milioni 50, na benki ana milioni 20. Jumla ni milioni 180. Madeni yake ya mwaka huu ni milioni 120, hivyo slaidi itaandika 1.5, na ukumbini wengi wataridhika. Sasa toa bidhaa za ghalani, kwa sababu saruji na nondo hazilipi kodi mpaka ziuzwe. Zinabaki milioni 70 za kulipia milioni 120, sawa na 0.58. Huo ndio uwiano mkali wa ukwasi, na kwangu mimi ndio wa kuangaliwa kwanza kwa mfanyabiashara ambaye mzigo wake hutoka polepole. Duka kubwa la vyakula ni habari nyingine: huuza taslimu leo na kumlipa msambazaji baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo linaweza kuishi miaka mingi chini ya 1.

Slaidi ya pili hupima uzito wa mkopo, yaani fedha za kukopa zikilinganishwa na mtaji wa wanahisa. Kwa kawaida huchukuliwa mikopo yote, ikatolewa taslimu iliyopo, kinachobaki kikagawanywa kwa mtaji. Uwiano ukiwa mkubwa, faida hupanda haraka mambo yakienda vizuri. Yakiharibika, riba haisubiri.

Hapa ndipo kisa cha Carillion kinapofaa. Ilikuwa kampuni kubwa ya ujenzi na huduma nchini Uingereza, yenye wafanyakazi wapatao 43,000. Hesabu zake za mwisho wa 2016 zilionyesha deni halisi la pauni milioni 219 hivi juu ya mtaji wa milioni 730. Uwiano ni asilimia 30, si wa kumtisha mtu. Julai 2017 ikatangaza kufuta pauni milioni 845 za mikataba iliyoharibika, na tarehe 15 Januari 2018 ikafilisiwa ikiwa na taslimu ya milioni 29 tu.

Ile asilimia 30 ilikuwa sahihi kwa siku moja, ya kufunga mwaka. Wastani wa deni katika mwaka wenyewe ulikuwa kama milioni 587, ambao ungefikisha uwiano asilimia 80. Kampuni inaweza kusukuma wateja walipe Desemba na kuwachelewesha wasambazaji mpaka Januari; mizania huonyesha picha ya siku hiyo tu.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Wasambazaji wa Carillion waliweza kulipwa mapema na benki, kisha Carillion ikailipa benki baadaye. Kwa maana halisi huo ni mkopo, lakini uliandikwa chini ya wadai wengine. Wakadiriaji wa Moody's walisema hadi pauni milioni 498 zilipaswa kuhesabiwa kama mikopo. Ziongeze kwenye zile 219 na uwiano unakaribia asilimia 98. Fedha hizo hazikufichwa kabisa: zilikuwa zimekaa kwenye madeni ya muda mfupi, upande wa slaidi ya ukwasi. Aliyesoma slaidi ya mkopo peke yake hakuziona.

Na mtaji wenyewe? Ndani ya mali kulikuwa na takribani pauni bilioni 1.57 za sifa na jina, yaani ziada iliyolipwa kampuni hiyo ilipokuwa ikinunua kampuni nyingine. Ziondoe, na mtaji wa milioni 730 unageuka kuwa pengo.

Mwanahisa asiye na muda anaweza kufanya jaribio moja. Chukua riba iliyolipwa mwaka mzima, uigawe kwa deni la siku ya kufunga mwaka. Ukipata asilimia 15 wakati benki zinakopesha kwa 5, basi deni la katikati ya mwaka lilikuwa kubwa kuliko lililowekwa kwenye slaidi, au kuna mkopo umeandikwa kwa jina jingine. Mwombe mkurugenzi wa fedha akupe wastani wa kila mwezi.